Nyusi Zisizorudi: Kutinda, Kope Bandia na Wakati wa Kumwona Daktari

Mtumiaji anapofika ofisini kwetu akiwa na chupa ya mafuta ya kuotesha nyusi, aghalabu haji kuuliza kama mafuta hayo yamesajiliwa. Huja kulalamika kwamba hayakufanya kazi. Alitinda nyusi kwa miaka mingi, zikapungua, akanunua mafuta sokoni, akapaka kwa miezi mitatu, na nyusi hazikurudi. Malalamiko hayo tunayapokea, na chupa tunaichunguza kama inavyotupasa. Hata hivyo, kuna jambo ambalo uchunguzi wa chupa hauwezi kulijibu, nalo ni hali ya ngozi ya mtumiaji mwenyewe: je, vinyweleo vya nyusi zake vingali hai, au vimekwisha kufa? Na je, ni kweli kwamba nyusi hizo ziliondolewa na kibano, au upo ugonjwa ulioziondoa huku kibano kikibeba lawama?

Makala haya yanaeleza namna ya kutenganisha mambo hayo. Yameandikwa kwa kuwafikiria zaidi watumiaji wa Mbeya na Iringa, kwa sababu ambayo msomaji ataiona mbele, ingawa sehemu kubwa ya maelezo inamhusu mtu yeyote mwenye nyusi na kope.

Muda wa nyusi kuota

Unywele wa kichwani huweza kukua kwa miaka kadhaa kabla ya kupumzika na kudondoka. Unywele wa nyusi haufanyi hivyo. Hukua kwa wiki chache tu, kisha husimama, hupumzika kwa miezi, hudondoka, na mwingine huanza kuota mahali pale pale. Ndiyo maana nyusi hazirefuki hadi kufunika macho. Wakati wowote ule, nywele nyingi za nyusi zimo katika mapumziko, na chache tu ndizo zinazokua.

Jambo hili lina matokeo ambayo watu wengi hawayatarajii. Ukiung'oa unywele uliokuwa unakua, unaweza kuona mwingine ukichomoza baada ya wiki chache. Ukiung'oa uliokuwa umepumzika, kinyweleo chake kinaweza kukaa kimya kwa muda mrefu kabla ya kuanza tena. Tena unywele wa nyusi hukua polepole, kwa kadirio la milimita 0.15 kwa siku, hivyo unywele wa milimita 6 huhitaji siku 40 hivi tangu ulipoanza kuota. Tukiyajumlisha hayo, mtu aliyetinda nyusi zake zote anapaswa kusubiri kiasi cha miezi minne kabla ya kusema lolote kuhusu zilizorudi na zisizorudi. Aliyezing'oa mara kwa mara kwa miaka huweza kuhitaji muda mrefu zaidi, hata kufikia mwaka.

Hapo ndipo biashara ya mafuta ya kuotesha nyusi inapopata nguvu yake. Mtu huacha kutinda, huanza kupaka mafuta, na baada ya miezi mitatu au minne nyusi hurudi. Mafuta husifiwa kwa kazi iliyofanywa na muda. Mafuta ya mnyonyo, ambayo ndiyo maarufu zaidi, hulainisha unywele na kuufanya ung'ae na kuonekana mnene. Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba huotesha unywele mpya. Hatumkatazi mtu kuyapaka yaliyo safi, mradi ajue kwamba analainisha tu, na mradi asiongeze maji ya kitunguu, tangawizi au pilipili kama baadhi ya watu wanavyoshauriana. Vitu hivyo huunguza ngozi nyembamba iliyo juu ya jicho, na vikitiririka huunguza jicho lenyewe.

Kinyweleo kilicho hai na kinyweleo kilichokufa

Kung'oa unywele mara moja hakuui kinyweleo. Sehemu inayozalisha unywele hubaki ndani ya ngozi, nayo huanza kazi upya. Madhara hutokea kwa kurudia. Kila unywele unaponyofolewa, huacha jeraha dogo mno ndani ya kijishimo chake. Jeraha hilo likirudiwa kila wiki mbili kwa miaka kumi au ishirini, hasa pakitokea vipele na usaha mara kwa mara, mwili huponya kwa kuweka kovu. Kovu likishajaa mahali pa kinyweleo, hapana kitu cha kuotesha. Hakuna mafuta, maji wala krimu inayoweza kuirudisha sehemu ambayo haipo tena.

Kwa sababu hiyo, njia ya kutinda ina uzito wake. Kibano, uzi na nta vyote hung'oa unywele pamoja na shina lake, na nta huongeza hatari ya kuunguza ngozi ikiwa ya moto kupita kiasi. Wembe hukata juu ya ngozi tu na hauligusi shina. Wapo wanaoamini kwamba nyusi zilizonyolewa kwa wembe huota zikiwa nene na ngumu, lakini si kweli. Ncha iliyokatwa huwa butu, na kwa hiyo huhisiwa kuwa ngumu kidoleni. Mwenye nyusi zilizoanza kupungua na bado anataka kuzitengeneza, ni afadhali atumie mkasi mdogo au wembe wake mwenyewe kuliko kibano. Tumesema wake mwenyewe kwa makusudi: wembe unaotoka kwenye uso wa mteja mmoja kwenda kwa mwingine huweza kubeba damu, na pamoja na damu virusi vya homa ya ini na vya UKIMWI. Mteja ana haki ya kuja na wembe mpya uliofungwa na kumtaka mhudumu wa saluni aufungue mbele yake.

Mtu anaweza kukagua nyusi zake nyumbani. Simama karibu na dirisha mchana, uso ukiwa umeoshwa na hauna wanja, na ushike kioo cha mkononi ili mwanga uangukie ngozi kwa upande. Mahali palipo na vinyweleo hai, ngozi huonesha vitundu vidogo vidogo, na huenda katikati ya baadhi yake ukaona unywele mwembamba sana, laini kama manyoya ya kifaranga. Hiyo ni dalili njema. Mahali palipo na kovu, ngozi huwa nyororo na yenye kung'aa, haina vitundu, na wakati mwingine rangi yake ni tofauti na ya pembeni, imepauka au imekoza. Vitabu vingi husema utafute wekundu kama dalili ya uvimbe wa ndani. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Badala yake ngozi huwa na weusi uliokoza au rangi ya zambarau, na huenda ikawasha au ikauma inapoguswa.

Baada ya ukaguzi huo, acha kung'oa kabisa kwa miezi minne, na upige picha ya kila upande tarehe moja ya kila mwezi, dirisha lile lile, umbali ule ule. Kumbukumbu ya kioo hudanganya, kwa sababu mtu anayejitazama kila siku haoni mabadiliko. Ikiwa picha ya mwezi wa nne inaonesha nywele zinazochipuka mahali pote, endelea kusubiri. Ikiwa sehemu fulani haijabadilika hata kidogo, ni wakati wa kumwona mtaalamu. Na ikiwa katika muda huo huo nyusi ambazo hazijaguswa zinaendelea kupukutika, usingoje mwezi wa nne ufike.

Mfano wa mama wa Mafinga

Mfano ufuatao tumeutunga kwa ajili ya maelezo, ila kila dalili iliyomo ni ya kawaida kwa hali tunayoieleza.

Tuseme yupo mama wa miaka 38, mfanyabiashara wa nguo Mafinga, aliyeanza kutinda nyusi akiwa na miaka 19. Mwezi wa Februari anaona kwamba ncha za nje za nyusi zake, yaani zile zinazoelekea masikioni, zimebaki tupu. Anajilaumu kwa kibano na anakiacha. Kufikia Juni, sehemu ya ndani ya nyusi zake imerudi vizuri. Theluthi ya nje haikurudi, si kulia wala kushoto. Anachora kwa wanja na kuendelea na kazi.

Katika miezi hiyo amekuwa akichoka kuliko ilivyo kawaida yake. Ameongezeka uzito ingawa hali chakula zaidi. Anapata choo kwa shida, hedhi yake imekuwa nzito, ngozi ya miguu imekauka, na anahisi baridi muda wote. Hili la mwisho halikumshtua, wala halikumshtua mtu mwingine nyumbani, kwa kuwa ni Juni na mahali ni Mafinga, na kila mtu amevaa sweta mbili. Mtu wa Tanga anayetetemeka mchana huulizwa ana nini. Mtu wa Mafinga, wa Mbeya au wa Ukinga anayetetemeka huongezewa chai.

Anapofika hospitali ya mji kwa sababu ya uchovu, tabibu anamtazama uso, anamuuliza kuhusu nyusi, kisha anaipapasa shingo yake na kumwagiza ameze mate. Baadaye anaagiza kipimo cha damu cha homoni inayoiamrisha tezi ya shingoni, ile ambayo madaktari huiita thairoidi. Kipimo kinaonesha kwamba homoni hiyo imepanda sana, jambo linalomaanisha kuwa ubongo unaipigia kelele tezi ambayo haifanyi kazi ya kutosha. Anaandikiwa vidonge vya levothairoksini, kimoja kila asubuhi kabla ya kula, na kuambiwa arudi baada ya wiki sita hadi nane kupimwa tena ili kipimo cha dawa kirekebishwe. Uchovu na baridi huanza kupungua baada ya wiki kadhaa. Nyusi huchukua miezi, kwa sababu ya ule muda wake tulioueleza. Kwa vile vinyweleo vyake havikuwa na kovu, nywele hurudi.

Kupungua kwa theluthi ya nje ya nyusi ni dalili ya zamani inayojulikana ya tezi iliyolegea, ingawa si kila mwenye nyusi za namna hiyo ana ugonjwa huo. Kinachopaswa kumfanya mtu apimwe ni nyusi hizo pamoja na dalili nyingine kama alizokuwa nazo mama wa mfano wetu. Wakazi wa Nyanda za Juu Kusini wana sababu ya ziada ya kulijua hili. Udongo wa milimani huoshwa na mvua nyingi na hupoteza madini joto, na tezi haiwezi kutengeneza homoni yake bila madini hayo. Wazee wa Mbeya na Iringa wanakumbuka jinsi rovu lilivyokuwa jambo la kawaida vijijini. Eneo hili lilikuwa miongoni mwa yaliyoathirika zaidi nchini, na katika miaka ya 1980 Serikali ilianza kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto. Katika miaka ya 1990 ikafuata sheria ya kutia madini joto katika chumvi ya kula.

Leo upungufu huo umepungua sana, na tezi huweza kulegea kwa sababu nyingine, hasa pale kinga ya mwili inapoishambulia. Lakini chumvi ya mawe isiyo na lebo ingali inauzwa kwa kupimwa katika baadhi ya magulio, na bei yake ndogo huvutia. Nunua chumvi iliyofungwa yenye maandishi ya madini joto, ihifadhi katika chombo chenye kifuniko mbali na jua na mvuke, na uitie chakula kinapokaribia kuiva. Usiongeze kiasi cha chumvi kwa nia ya kurudisha nyusi. Kiasi cha kawaida kinatosha, na chumvi nyingi itakuletea shinikizo la damu.

Magonjwa mengine yanayoanzia kwenye nyusi

Kuna ugonjwa mmoja ambao tungependa wanawake wanaosuka waufahamu, kwa sababu huchanganywa na madhara ya kusuka na hivyo hucheleweshwa. Kinga ya mwili huvivamia vinyweleo vya nyusi na vya kingo za nywele juu ya paji la uso, na kuviacha na kovu. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, lakini kwa wanawake weusi mara nyingi huanza mapema kuliko hapo. Nyusi huweza kuanza kupotea miezi au miaka kabla ya mtu kuona kwamba paji lake la uso linapanuka. Naye husema: nyusi niliziua kwa kutinda, na kingo zimeondoka kwa sababu ya rasta. Sababu zote mbili zinaingia akilini, na ndiyo maana hakuna anayeuliza zaidi.

Mtu mwenye mambo mawili kwa pamoja, nyusi zinazopotea na kingo za nywele zinazorudi nyuma, na hasa akiwa na muwasho au vijipele vidogo vigumu usoni, anapaswa kuchunguzwa na mtaalamu wa ngozi. Huenda mtaalamu akatazama ngozi kwa lenzi maalumu na kuchukua kipande kidogo cha ngozi ya kichwa, chenye upana wa milimita chache, kwa ajili ya maabara. Dawa zilizopo hulenga kuuzuia ugonjwa usiendelee. Nywele zilizokwisha kufa hazirudi. Kwa hiyo kila mwaka wa kusubiri na kupaka mafuta hupunguza nywele ambazo zingeweza kuokolewa.

Wa pili ni ukoma. Tunajua kwamba neno hili humfanya msomaji afunge kitabu, na tunaomba asikifunge. Ukoma bado upo Tanzania, na mojawapo ya dalili za aina yake inayoenea mwilini ni kupotea kwa nyusi, kwa kawaida kuanzia upande wa nje, pengine pamoja na kope. Ngozi ya uso na ya masikio huweza kuwa nene au kuwa na vinundu. Dalili zinazopaswa kumpeleka mtu kituoni upesi ni mabaka yaliyopauka au yenye wekundu ambayo hayahisi mguso, na ganzi au udhaifu wa mikono na miguu. Mtu anayeungua jikoni bila kusikia maumivu asisubiri hata wiki moja. Dawa za ukoma hutolewa bure, huchukua miezi 6 au 12 kulingana na aina, na mgonjwa huacha kuambukiza muda mfupi baada ya kuanza kuzitumia. Kinachobaki bila tiba ni mishipa ya fahamu iliyokwisha kuharibika, na hiyo huharibika kwa kuchelewa.

Mengine tutayataja kwa ufupi. Viraka vya mviringo vilivyo laini kabisa, vinavyotokea ghafla bila muwasho, mara nyingi ni kinga ya mwili inayovilaza vinyweleo bila kuviua, na nywele huweza kurudi zenyewe au kwa dawa ya daktari. Nyusi zenye magamba ya mafuta na muwasho huashiria ukurutu au mba, na hutibika. Kaswende katika hatua yake ya pili huweza kupunguza nyusi na nywele katika vipande visivyo na mpangilio, na kipimo chake ni cha damu. Wapo pia watu, watoto kwa watu wazima, ambao hung'oa nyusi au kope zao kwa mkono wanapokuwa na wasiwasi, bila kuweza kujizuia. Hao hawahitaji kukaripiwa. Wanahitaji mshauri wa afya ya akili.

Kope na gundi

Kope za ukingo wa jicho ni chache na zina kazi: huzuia vumbi na hulifanya jicho lijifumbe linapoguswa. Ukope uliokatwa au kung'oka huchukua kiasi cha miezi miwili kuota, na mara nyingine zaidi.

Kope za kubandika huziharibu za asili kwa njia mbili. Ya kwanza ni uzito. Ukope mwembamba uliobebeshwa nywele tatu au nne za plastiki huvutwa mchana kutwa, na mvuto huo ukidumu kwa miezi hulegeza shina, kama kusuka kunakobana kunavyofanya kwenye paji la uso. Ya pili ni kubandua. Mtu anayezivuta kavu kavu usiku huondoka na zake pia. Tazama kope bandia ulizobandua, na ukiona nywele nyembamba zenye kichwa cheupe zimenasa kwenye gundi, hizo ni zako. Zibandue kwa kulainisha gundi kwa kiondoaji chake au kwa mafuta safi, na macho yakiwa yamefungwa.

Kuhusu gundi, tuna onyo moja lisilo na masharti. Gundi ya viatu na ile gundi ya papo hapo inayouzwa katika vitubu vidogo dukani isitumike karibu na jicho, hata kama mhudumu anasema ameitumia kwa wateja wengine. Gundi ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, usijaribu kuyabandua macho yaliyogandana, na nenda hospitali saa hiyo hiyo. Aliyepata uvimbe na muwasho wa ngozi ya kope baada ya kubandika, au malengelenge baada ya kupaka piko kwenye nyusi, asirudie. Mzio wa vitu hivi haupungui kwa kuuzoea. Mara ya pili huwa mbaya kuliko ya kwanza, na malengelenge yakiacha kovu, nyusi hazitaota hapo.

Dalili moja ya kope haifai kungojewa kabisa: kope zinazopotea mahali pamoja tu kwenye ukingo wa jicho, palipo na kinundu, kidonda kisichopona au ngozi iliyokuwa ngumu. Hiyo huweza kuwa saratani. Watu wenye ualbino na wale wanaoishi na virusi vya UKIMWI wako katika hatari kubwa zaidi ya saratani za ngozi na za jicho, na wanapaswa kwenda kwa daktari wa macho mara wanapoiona.

Kabla ya kulipia chupa

Tangu mwaka 2019 udhibiti wa vipodozi nchini uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, na dawa ziko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mgawanyo huu unamsaidia mnunuzi kuliko anavyodhani. Kipodozi kinaruhusiwa kusafisha, kupamba na kulainisha. Bidhaa inayodai kuotesha nywele mahali zilipokufa, au kuutibu ugonjwa, inadai kazi ya dawa, na muuzaji aweze kuonesha kwamba imesajiliwa hivyo. Ipo dawa halisi inayorefusha kope. Ni ya jamii ya matone yanayotumiwa kutibu presha ya macho. Hufanya kazi kwa muda inapotumiwa tu, na huweza kuitia weusi ngozi ya kope na kuibadili rangi ya mboni. Hiyo huandikwa na daktari, na haipaswi kuuzwa kwa kificho mezani Mwanjelwa au stendi ya Tunduma.

Kwenye chupa yoyote tafuta jina na anwani ya mtengenezaji, orodha ya viambato, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kwisha muda. Chupa iliyojazwa tena na kubandikwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono haina hata kimoja cha hivyo. Kuwa mwangalifu pia na krimu za kung'arisha uso zinazopakwa hadi juu ya nyusi na kope. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini, na krimu zenye steroidi, zinazouzwa kama vipodozi, hukondesha ngozi na, zikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu, huweza kupandisha presha ya macho. Ukiona bidhaa ya namna hiyo, ilete au utoe taarifa katika ofisi yetu iliyo karibu, ukieleza duka na tarehe uliyonunua.

Kwa uchunguzi wa afya, anza katika kituo cha afya au hospitali ya wilaya, ambako kipimo cha tezi, cha kaswende na uchunguzi wa ukoma vinaweza kufanywa au kuombwa. Wataalamu wengi wa ngozi nchini wamefundishwa katika kituo cha mafunzo kilichopo KCMC, Moshi, kilichoanza mwaka 1992, nao wamo hata nje ya miji mikubwa, hivyo uliza kabla ya kufunga safari ndefu. Ikibidi, utaandikiwa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Siku hiyo nenda ukiwa umeosha wanja na kubandua kope bandia siku mbili tatu kabla. Beba picha zako za kila mwezi, na kila chupa uliyopaka, hata iliyokwisha, hata ile unayoona aibu kuionesha.